Mwavuli Mbovu wa Makusudi

Nyamvula binti Matano simsifu, namweleza tu. Tumepangana ukuta kwa ukuta hapa Bombolulu: yeye ana kichumba chake cha kutengeneza matangazo, mie nina karai langu la bajia na viazi nje ya mlango wangu. Ukuta wenyewe ni wa mabati, akipiga chafya namwambia afya bila kuinuka. Ni Mdigo wa Shika Adabu, kule Likoni, kazi ndiyo iliyomleta huku Kisauni. Mwembamba, ulimi mrefu, na akikutazama hujui kama anakusikiliza au anakutungia jina. Mie alinitungia "Bi Mafuta" hajamaliza hata kufungua mizigo, na mpaka leo wateja wananiita hivyo hivyo. Jina langu ni Mishi, lakini nani ajali?

Kazi yake ni ya siku hizi. Wachora mabango tuliowazoea walikuwa na rangi na brashi, shati zima madoa. Nyamvula hana brashi. Ana kompyuta na mashine ya picha iliyoko huko mtandaoni: unaiandikia maneno, inakuletea picha utadhani imepigwa kwa kamera. Mwenye saluni anataka bibi harusi aliyesukwa, anapata. Mwenye hoteli anataka sahani ya pilau inayofuka moshi, anapata, na pilau yake yenyewe haijawahi kufuka hivyo tangu afungue.

"Si uchawi, Bi Mafuta," huniambia. "Ni kusema. Mashine haijui kitu, imeona tu. Ukiisemea ovyo, nayo itakuchorea ovyo."

Basi kulikuwa na Faki. Faki ni seremala, karakana yake iko nyuma ya msikiti, hatua chache kutoka hapa. Hutengeneza viti vya kukunja vya mbao na turubai, na miavuli mikubwa ya kivuli, ile ya nguzo ya mti na mbavu za mbao. Mtu mpole, salamu yake ndefu, maneno mengine machache. Lakini gusa kazi yake uone! Ukimwambia kiti chake kinayumba, atakutolea hotuba mpaka bajia zipoe. Kwa bahati mbaya kazi yenyewe ilikuwa imekauka. Watu wamehamia viti vya plastiki, na nduguye aliyeko Port Reitz, kule upande wa bandari, alikuwa akimpigia simu kila siku: njoo huku tubebe mizigo, acha kuchezea randa. Faki alikuwa ameshaanza kufungasha.

Ndipo akatokea Bi Jalila, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha huku Kisauni. Kikundi kimejichanga, kinataka kukodisha viti na miavuli kwa harusi na matanga. Bi Jalila ni mtu mzito, na viti vya kukunja ana kisa navyo: aliwahi kukalia kimoja kwenye harusi ya mwanawe, kikajifunga naye yu ndani, mbele ya wakwe. Tangu siku hiyo hakai mpaka ainame atazame chini ya kiti. Akamwambia Faki, "Mwanangu, kazi hii ningependa kukupa wewe. Lakini mimi na wenzangu twataka tuone kwanza. Utuletee picha ya kiti na ya mwavuli, vikiwa wazi na vikiwa vimefungwa, kwa kitambaa chetu, kijani chenye ukingo wa manjano. Vikifungwa vyote vitakaa kwenye chumba changu kimoja, na chumba chenyewe ni chembamba. Visivyolala bapa sivitaki. Ijumaa baada ya alasiri nitakupa jibu."

Nawe utauliza, si apige picha tu kwa simu? Faki alikuwa amebaki na kiti kimoja cha mfano, turubai lake jeusi kushinda karai langu, na mwavuli uliokwisha kuvuliwa kitambaa. Hicho kitambaa cha kijani asingekinunua kabla hajapewa kazi. Kwa hiyo akaja kwa Nyamvula.

Sasa nisikilizeni vizuri. Faki akikosa kazi ile, ni Port Reitz. Na Faki akienda Port Reitz, kuna mtu hapa jirani yangu atakayekula viazi vyangu bila chumvi asijue. Nilikuwa nimeshamwona. Msichana anayemtania kila mwanamume wa mtaa huu, mzee kwa kijana, Faki akipita na ubao begani anajifanya anatafuta kitu sakafuni. Lakini kusema, hasemi. Na Faki naye, mambo ya moyo mpige nyundo, hatatoa neno.

Siku ya kwanza mashine ilitoa vituko vya kweli, si mchezo. Mwavuli ulikuja na mkono wa kushikia chini na mwingine juu. Mbavu zilikuwa nyingi upande mmoja, chache upande wa pili, na nyingine zilianzia hewani tu, hazijashikwa na chochote. Kiti kilichofungwa ndicho kilichonichekesha: kilikuwa kimesimama kwa miguu minne, mbuzi mtupu, na mguu wa tano umechomoza mgongoni. Nyamvula akamtumia Faki kwa simu. Hata maji hayajachemka, mtu huyo mlangoni, vumbi la mbao kichwani.

"Hii ni nini, Nyamvula? Hii ni nini?"

"Kiti chako."

"Kiti changu mimi? Haya, niambie, hapa bolti iko wapi?"

Akaketi, akaanza. Alitumia mikono yake miwili kama fremu mbili. Kiti chake, alisema, ni fremu mbili tu, msitafute maajabu. Fremu ndefu inaanzia chini mbele, inapanda ikilala nyuma, juu inakuwa egemeo. Fremu fupi inaanzia chini nyuma, inapanda kuja mbele, na ubao wake wa juu ndio ukingo wa kiti, pale magoti yanapopindia. Zinapopishana, kila upande kuna bolti moja, basi, na hapo ndipo zinapogeukia. Turubai limetoka kwenye ule ukingo wa mbele mpaka kwenye ubao uliokingamana katika fremu ndefu. Ukikalia, turubai linakaza, na ndilo linalozuia miguu isiendelee kupanuka. Ukikifunga, fremu fupi inaingia ndani ya ndefu, zinalala bapa, na turubai linalegea linaning'inia.

Nyamvula alikuwa akiandika, kidevu kwenye kiganja. "Na mwavuli?"

Mwavuli ukachukua mchana mzima. Nguzo katikati. Juu kuna kichwa cha mti, na mbavu nane zimefungwa hapo kwa bawaba, kila moja kwenye mwanya wake. Kwenye nguzo kuna pete ya mti inayopanda na kushuka. Kutoka kwenye pete kuna vijiti vifupi vinane, yeye anaviita mikono, kila mkono umeshika ubavu wake hapo kati, nao una bawaba huku na huku. Ukisukuma pete juu, mikono inasukuma mbavu nje, kitambaa kinakaza. Unatia pini ya chuma kwenye tundu la nguzo chini ya pete, ili isirudi. Ukitaka kufunga, unachomoa pini, inabaki inaning'inia kwa kamba yake, pete inashuka, mbavu zinaanguka ubavuni mwa nguzo, ncha zikitazama chini.

Alipoondoka nilimwambia Nyamvula, "Kijana ana maneno kumbe!"

"Mengi," akasema, na akatabasamu peke yake.

Kesho yake adhuhuri nikampelekea bajia. Nikaingia bila hodi, kama ada yangu, nikakuta kwenye kompyuta picha nne zimepangwa. Subhanallah! Mwavuli wa kijani ukingo wa manjano, umeonyeshwa kutoka chini ili mbavu zote zionekane. Kando yake ni huo huo umefungwa, pete chini, pini inaning'inia, kitambaa kimeshikwa na utepe. Kiti kwa ubavu, fremu zimepishana, bolti ile pale. Na kiti kimefungwa, kimeegemezwa ukutani, chembamba, turubai limelegea.

"Umefanyaje?" nikamwuliza.

Akanieleza kwa fahari, maana sifa anazipenda. Kwanza, aliacha kuiambia mashine "mwavuli mzuri." Aliiambia nini kimeshikwa na nini: ubavu unaanzia kwenye kichwa, unaishia kwenye ukingo wa kitambaa, mkono unatoka kwenye pete. Pili, alitaka hali moja kwa kila picha. Ukiomba wazi na umefungwa kwa pamoja, mashine inachanganya, inakupa mwavuli uliofunguka nusu. Alipopata ulio wazi akairudishia mashine picha ile ile, akasema, ni huu huu, sasa pete imeshuka.

"Na kiti?"

"Kiti kilinisumbua. Nikisema kiti kimefungwa, miguu iko pale pale. Mashine imeona viti milioni vimesimama, ukitaja kiti tu inasimamisha miguu. Nikaliacha neno kiti kabisa. Nikasema, fremu mbili za mbao, ndogo imelala ndani ya kubwa, zimeegemea ukuta kama ngazi, na kitambaa kimelegea kati yao. Ikachora moja kwa moja."

Nikampa mkono, kazi ni kazi. Mara tukasikia kikohozi cha Faki nje. Nikafurahi, nikasema sasa kijana atapumua. Wallahi, mwanamke yule aligusa kitufe, picha nne zikatoweka, ikatokea moja: mwavuli ulio wazi, mikono imetoka kwenye pete vizuri, lakini inapita juu ya kitambaa badala ya chini.

"Shikamoo, Bi Mishi," Faki akaniamkia, yeye peke yake huniita kwa jina langu. "Nyamvula, vipi?"

"Bado kidogo," akajibu yule shetani, uso umemtulia. "Naona hapa pamekaa vibaya lakini sijui wapi. Hebu nionyeshe."

Sahani nusura iniponyoke. Faki akavuta kigoda.

Alipoondoka nilimjia juu. "Una wazimu? Mtu roho iko juu juu, wewe wacheza?"

"Ijumaa bado iko mbali, Bi Mafuta. Nitampa zote, sitamcheleweshea kazi."

"Kwa nini usimpe leo?"

Alichukua bajia, akaitia ukwaju, akaiweka chini tena. Nami si mtoto, nikaelewa. Picha mbovu humleta Faki mlangoni. Picha nzuri angeipokea kwa simu, akashukuru, akaenda zake. Nilipaswa kusema. Nilinyamaza, maana nilitaka kuona, msinihukumu.

Siku iliyofuata kasoro ikawa ndogo zaidi: kiti kizuri, ila bolti iko upande mmoja tu. Faki aliitazama kitambo kirefu kabla hajaigundua, wakainamia kompyuta pamoja, vichwa vimekaribiana. Akaanza kumweleza habari za babake aliyemfundisha useremala. Nyamvula naye akamweleza habari za Shika Adabu. Nilisikia yote, mabati ni mabati. Jioni ile Nyamvula aliimba akifagia, sauti mbaya mno.

Ndipo Alhamisi akazidisha ufundi. Alitaka kasoro ndogo kabisa, imchukue Faki mchana kutwa. Akachukua picha nzuri ya mwavuli uliofungwa, akaiambia mashine isibadilishe kitu ila kimoja: pete iwe juu, karibu na kichwa, na pini chini yake, huku mbavu zimelala chini vile vile. Mashine ikafanya papo hapo, kukosea inajua. Akaitia pamoja na nyingine tatu zilizo sawa, akamtumia Faki, akajipaka wanja, akangoja.

Faki hakuja.

Alasiri ikapita, hakuja. Nyamvula alitoka mlangoni, akaingia, akatoka. Mwisho Faki akapiga simu, na sauti yake niliisikia mpaka kwangu kwa furaha: "Nyamvula, ahsante! Nimehesabu mbavu, nimetazama bawaba, nimetazama utepe, wallahi kila kitu sawa! Nimeshamtumia Bi Jalila. Mungu akulipe!"

Nyamvula akashusha simu. Nilimwona rangi imemtoka.

"Mpigie umwambie," nikamhimiza.

"Nitamwambiaje? Nitasema nini?"

"Sema ukweli!"

"Labda Bi Jalila hataona," akasema. Mtu ambaye huinama kutazama chini ya kila kiti, ati hataona!

Ijumaa baada ya alasiri Bi Jalila akaja mwenyewe, mwavuli wake mdogo wa jua mkononi, na nyuma yake Faki, kichwa chini. Nilizima jiko. Kuna mambo hayasikilizwi huku mafuta yakichemka.

"Shikamoo, mama," Nyamvula akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyechora?" Bi Jalila akainua simu. "Haya, nifunze. Mwavuli huu umefungwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi pete yafanya nini juu?" Akafungua mwavuli wake mbele yetu, polepole, kidole kikiifuata pete mpaka kishikizo kikalia ta. "Wangu hauna pini, una kispringi, lakini kazi ni moja. Pete ikiwa juu, mikono imesukuma mbavu nje. Pete iwe juu na mbavu ziwe chini, mikono hiyo imevunjika au imetengenezwa kwa mpira?" Akamgeukia Faki. "Na wewe, mwanangu, mchoraji akikosea nitasema hajui. Wewe umeitazama, ukaniapia kwamba ni sawa. Fundi asiyeiona pete yake mwenyewe, wanangu na wageni wangu niwakalishe kwenye viti vyake?"

"Nilitazama mbavu, mama," Faki akasema kwa sauti ya chini. "Nilifurahi mno, sikuitazama pete. Si makosa ya Nyamvula. Ni macho yangu. Mnisamehe kwa kuwapotezea wakati. Kesho nakwenda kwa ndugu yangu Port Reitz."

Akageuka aondoke. Nami nilimwonea huruma, na yule msichana nilitaka kumpiga mwiko. Ulimi wake wote ule, sasa umekwenda wapi?

"Faki, ngoja," Nyamvula akasema. "Mama, kosa si lake, wala mashine haikukosea. Pete nimeiweka juu mimi, makusudi. Picha ya sawa ninayo. Ninayo tangu Jumanne."

Akaifungua. Bi Jalila akavuta kigoda, akakiinamia kwanza kukitazama chini, kisha akaketi. Alizikagua picha zile kwa ncha ya kidole: kichwa, ubavu, mkono, pete, pini. Akaenda kwenye kiti: bolti hii, bolti ile, turubai. Kwenye kiti kilichofungwa akapima unene kwa vidole viwili, akapeleka vidole vile vile hewani, nadhani akipanga chumba chake.

"Hivi ndivyo," akasema. "Hivi navitaka. Faki, kazi ni yako, ila siku nyingine uitazame na pete. Jumatatu tutanunua kitambaa. Lakini wewe binti, niambie. Uliharibu makusudi kwa nini?"

Nyamvula akatazama sakafu. Safari hii hakuwa akijifanya anatafuta kitu.

"Picha ikiwa sawa, haji," akasema.

Bi Jalila akapiga kofi moja paja lake. "Aka! Nimeishi miaka yote hii, sijaona mwanamume akitegwa kwa mbavu za mwavuli!" Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaaga. Mie nilicheka pia, nikaacha, kwa sababu Faki hakucheka. Alimtazama Nyamvula, akatoka. Hakuaga hata mimi.

Usiniulize Nyamvula alikuwaje jioni ile. Hakuimba. Nilimpelekea viazi, akavila vyote na hakuniita jina lolote.

Asubuhi nikiwa nawasha jiko nikamwona Faki anakuja, karatasi mkononi. Alikuwa ameichapisha picha ile nzuri, mwavuli ulio wazi, ulioonyeshwa kutoka chini. Akasimama mlangoni mwa Nyamvula bila hata salamu, jambo ambalo si lake.

"Nilifunga godoro, Nyamvula," akasema. "Tangu Jumanne nalala juu ya mkeka, godoro limefungwa kamba, nasubiri picha ambayo umeikalia. Umenitesa."

"Nimekutesa," Nyamvula akajibu. "Nisamehe, Faki. Nilikuwa mjinga."

Faki akaikunjua karatasi, akaitazama, akasafisha koo. Hakuthubutu kumtazama usoni.

"Na tena kazi yenyewe haijakamilika," akasema. "Ubavu huu, wa tatu kutoka kushoto, naona umekaa vibaya."

Niliacha jiko langu, nikaenda nikachungulia begani kwake. Nikautazama ubavu ule toka kwenye kichwa mpaka kwenye ukingo wa kitambaa, nikautazama mkono wake, nikaitazama bawaba. Nyamvula naye akautazama, akachukua muda wake.

"Kweli," akasema, akivuta kigoda. "Umekaa vibaya sana. Hebu kaa unionyeshe."

Ubavu wenyewe, wallahi, haukuwa na kitu.